Hundi ya benki ikipotelea njiani: jinsi ya kuisimamisha na kupata nyingine

Hundi ya kawaida ikipotea, pesa bado zimo kwenye akaunti yako. Unaiandikia benki barua ya kuisimamisha na mambo huishia hapo. Hundi ya benki, ile wengi huita bankas cheki, si hivyo. Siku uliyoinunua, pesa zilitoka kwako zikawekwa kando na benki, na anayeahidi kulipa sasa ni benki yenyewe. Ndiyo maana huwezi kuiamuru isilipe. Unaiomba, nayo itataka kinga kwanza.

Tuseme mwenye duka la vipuri Kitale amemtumia msambazaji wa Mombasa hundi ya benki ya shilingi 380,000 kwa barua ya kawaida, na wiki mbili zimepita bila kufika. Ampigie kwanza msambazaji ahakikishe haijaingizwa akaunti yoyote. Siku hiyo hiyo aende tawi lililoitoa, si tawi lolote la karibu, akiwa na risiti ya ununuzi au nakala ya hundi. Barua yake itaje nambari ya hundi, tarehe, kiasi na jina la mlipwaji. Nambari ndiyo muhimu kuliko yote: tarakimu moja ikikosewa, zuio linaangukia hundi nyingine na iliyoibwa inapita. Asiondoke kabla karani hajaangalia kama imeshalipwa. Ikiwa imelipwa, aombe picha ya pande zote mbili, kwa sababu upande wa nyuma huonyesha ilikoingizwa. Hapo suala si kusimamisha tena, ni madai ya wizi.

Kisha polisi: ataripoti, apewe nambari ya OB, halafu abstrakti. Aisome palepale, maana abstrakti isiyotaja nambari ya hundi hurudishwa na benki.

Kinachowachelewesha wengi ni hati ya fidia. Kwa hati hiyo unaahidi kwamba mtu mwingine akijitokeza na hundi ile akadai kihalali, hasara itakuwa yako, si ya benki. Mwenye duka binafsi hutia saini yake. Kampuni kwa kawaida huombwa pia azimio la wakurugenzi. Sura ya 27 ya Sheria za Kenya inampa aliyepoteza hati ya malipo haki ya kudai nyingine, lakini kwa kutoa dhamana ikiombwa, kwa hiyo kubishana kaunta juu ya karatasi hii ni kupoteza siku. Mara nyingi benki hutaka pia barua ya msambazaji inayosema hakuipokea. Iagizeni mapema, kwa kuwa inatoka Mombasa.

Mkikamilisha, mnaweza kupewa hundi mpya au pesa zirudishwe kwenye akaunti, kisha mkamlipa msambazaji moja kwa moja kupitia benki. Sisi tungechagua la pili. Ile ya zamani ikifika baadaye, msambazaji asiiweke benki. Airudishe kwa aliyeituma, naye aipeleke tawini ifutwe.