Bangili iliyoshiba na bangili tupu

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, na picha za zile bangili nimezitazama hadi macho yakachoka. Unasema zote mbili zina muhuri wa 750, unene ni mmoja na mng'ao ni mmoja, ila ya pili bei yake ni kama robo ya mwenzake, na muuzaji amekwambia tu kwamba "hii ni nyepesi". Usilipe kwanza. Hakukudanganya, lakini hakukumalizia maneno. Hiyo ya bei ndogo ni tupu ndani.

Bangili ya namna hiyo huanza kama bamba jembamba la dhahabu, hukunjwa likawa mrija, na mara nyingi mrija huo huvutwa juu ya waya wa shaba au wa chuma ili usibonyee wakati wa kuukunja. Umbo likishakamilika, hutumbukizwa kwenye asidi, nayo hupenya tundu dogo ikaula ule waya wa ndani. Dhahabu hubaki ganda. Ni dhahabu ya kweli ya karati 18, kwa hiyo muhuri hausemi uongo. Muhuri hueleza usafi wa dhahabu, hauelezi kama kitu kimeshiba.

Nimechukua vipimo ulivyoniandikia: upana wa ndani milimita 60, unene milimita 5. Bangili ya hivyo ikiwa imeshiba huwa na ujazo wa sentimita za ujazo 4, na kwa kuwa dhahabu ya njano ya karati 18 huwa na takriban gramu 15.5 kwa kila sentimita ya ujazo, uzito wake ni kama gramu 62. Ikiwa tupu, tuseme ukuta wake ni wa milimita 0.3, basi ni gramu 14 tu. Tofauti ya bei umeielewa sasa. Na milimita 0.3 ni kama karatasi 3 za kuandikia zilizolaliana. Ndiyo kitu pekee kinachosimama kati ya mkono wako na kingo ya mlango.

Hapo ndipo roho yangu inapouma, maana wewe huvui bangili. Unaosha nayo vyombo, unabeba nayo mtoto, unalala nayo. Iliyoshiba ukiigonga hupata mkwaruzo, na mkwaruzo sonara huupiga msasa na kuung'arisha ukaisha. Tupu ukiigonga hubonyea, na bonyeo halifutwi kwa msasa. Ukijaribu kulisugua hadi liwe sawa, unaumaliza ukuta wenyewe.

Nikueleze lililonipata nikiwa bado najifunza kazi. Mteja alileta bangili tupu yenye bonyeo la ukubwa wa punje ya mchele. Kulisukuma kwa ndani haiwezekani, kwa kuwa huna pa kuingizia chombo. Nikaona nilehemu kijiti kidogo juu ya bonyeo, nikivute, kisha nikikate. Nikawasha moto. Tundu lake la zamani lilikuwa limezibwa, nami sikuitoboa kwanza. Hewa iliyofungiwa ndani ikapanuka, na dhahabu ikishakuwa nyekundu kwa moto huwa laini, basi ubavu wa bangili ukavimba mbele ya macho yangu, ukapasuka kwa mlio mdogo. Mwalimu wangu akaichukua bila neno, akanionyesha ambavyo angefanya: tundu jembamba sehemu isiyoonekana ili hewa itoke, moto mdogo, lehemu kidogo sana. Na hata hivyo, baada ya kuisafisha kwa asidi, ilibidi aichemshe muda mrefu kwenye maji ya magadi, kwa sababu asidi iliyobaki ndani huvuja baadaye na kutia doa. Yote hayo kwa bonyeo la punje ya mchele. Ndiyo maana masonara wengi wakiona kitu tupu wanakirudisha, na anayekikubali anatoza zaidi kuliko angetoza kwa kilichoshiba. Mwenye mashine ya kulehemu kwa leza anafanya vizuri zaidi, maana moto wake unagusa nukta ndogo tu.

Mkufu ndio mbaya zaidi, ingawa hukuniuliza. Pete za mkufu husuguana zinapoungana. Pete iliyoshiba ikilika hadi nusu, bado kuna nyama ya kushika lehemu. Pete tupu ikilika kidogo tu, ukuta umetoboka, na kingo zake kali zinaanza kuikata pete ya jirani. Ukiona moja imekatika, zitazame za pembeni yake kwa kioo cha kukuza. Kwa kawaida nazo ziko njiani, na kuunga moja ni kununua muda wa wiki chache.

Ukija kuuza, sikiliza vizuri. Anayenunua ili ayeyushe hulipa gramu na usafi. Bonyeo halipunguzi gramu, kwa hiyo gramu zako 14 zinabaki 14 hata kama bangili imepondeka kama kopo. Kinachopotea ni ile pesa uliyolipia ufundi, na kwenye vitu tupu ufundi huchukua sehemu kubwa ya bei kwa kila gramu, kwa kuwa kazi ni nyingi na dhahabu ni kidogo. Halafu mnunuzi humwogopa mrija. Ndani yaweza kuwepo nta, gundi, au masalia ya ule waya wa shaba, basi ataukata mbele yako au atakukata bei. Na ukiwa umeitengeneza mara kwa mara, lehemu ya karati ndogo hushusha usafi wa kile kitakachotoka kwenye moto.

Kabla hujalipa, mwombe muuzaji akupimie hivi. Bilauri ya maji iwekwe juu ya mizani, mizani irudishwe sifuri, kisha bangili ining'inizwe kwa uzi izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ni ujazo wake. Gawanya uzito wa bangili kavu kwa namba hiyo. Iliyoshiba itakupa karibu 15.5. Ile ya gramu 14 itakupa 3.5, na hiyo haimaanishi ni bandia, inamaanisha imejaa hewa. Ukiona mapovu yanatoka na namba inashuka polepole, ina tundu na maji yanaingia. Itoe mara moja, maana maji hayo kukauka ni kazi.

Mimi ningekuwa wewe, kwa pesa hizohizo ningechukua gramu 14 zilizoshiba. Kwa upana uleule wa mkono, hiyo ni bangili ya unene wa kama milimita 2.4. Ni nyembamba, najua unapenda kitu kinachoonekana, lakini hiyo utaivaa jikoni na kitandani, na ikipinda fundi yeyote ataikunjua. Ile nene tupu ningeinunua tu kama ni ya kuvaa siku ya sherehe na kuirudisha kwenye kisanduku usiku uleule. Hereni tupu sina ugomvi nazo, kwani sikio halibebi uzito na halijigongi mlangoni.

Na ile bangili yako ya zamani uliyosema imebonyea karibu na kifungo, tafadhali usiipeleke kuchomwa na mtu yeyote kabla sijaiona. Nitumie picha ya upande wa ndani, nitafute tundu lake kwanza.

Ni mimi, shoga yako wa siku zote.