Ile ndoo ya viungo pembeni ya jiko la mishikaki

Ndugu mhariri, naomba nafasi kidogo maana hii kitu inanikera sana.

Jumamosi jioni nilikuwa Kirumba nasubiri mishikaki, nikawa namwangalia mchomaji. Ana ndoo ndogo ya njano, nyama ya ng'ombe imelowa humo tangu mchana kwenye ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, basi anachomoa nyama anaitunga anaweka kwenye mkaa, halafu kila saa anachovya brashi kwenye ndoo hiyohiyo anapaka mishikaki yote, hata ile iliyoiva inayosubiri mteja tu. Ya kwangu aliipaka mara ya mwisho akaitoa motoni papo hapo. Nikamwambia kaka hapo umenipaka maji ya nyama mbichi, akasema dada usihofu, ndimu inaua wadudu.

Jamani ndimu haiui kiasi hicho. Inalainisha nyama na kuwapunguza kasi baadhi ya bakteria, ila salmonela au E. koli wanaotoka na majimaji ya nyama wanaweza kubaki hai humo ndooni. Moto ndio unaowaua, sasa ukipaka nyama ikiwa inatoka jikoni huo moto wataupata wapi?

Kama lazima uitumie tena hiyo rojo ya viungo ya ndooni, imimine kwenye sufuria uchemshe mpaka itokote kwa nguvu, mabubujiko yatoke katikati na sio pembeni tu, hapo ndio uanze kuhesabu dakika moja kamili. Ikiwa nzito kama ya mtindi au nyanya ikoroge muda wote na uongeze dakika mbili. Utaona povu la kijivu na vipande kama yai lililoganda, hiyo ni protini ya nyama, chuja tu. Lakini kama ilishinda nje na joto letu hili, zaidi ya masaa mawili hivi, mwaga, kwa sababu kuna bakteria wanaacha sumu ambayo hata uchemshe haitoki.

Mimi nyumbani sifiki huko. Kwa kuku wa kilo moja na nusu natengeneza vikombe viwili vya viungo, na kabla nyama haijagusa chochote natoa nusu kikombe naweka kwenye kopo lenye mfuniko. Hicho ndio cha kupakia, na nakipaka kwa brashi ambayo haijawahi kugusa nyama mbichi. Siku nikisahau kutenga, nachanganya tu mafuta, ndimu mpya na chumvi, mbona inatosha.

Jumanne nilipita tena kwa yule kaka. Ameshaweka kopo la pili, ila brashi bado ni ileile moja, inatoka kwenye ndoo inaingia kwenye kopo, yani kopo zima limeshaharibika. Kesho nampelekea brashi nyingine.

Msomaji wako,
Nyamanoro, Mwanza