Doa jeusi lililobaki shingoni mwa binti yangu

Ndugu Mshauri,

Naandika kabla hakujapambazuka, kwa kuwa usiku kucha nimekuwa nikiinuka kumpapasa binti yangu kwenye paji la uso, nikitafuta homa ambayo mpaka sasa sijaiona. Picha tatu ninazokutumia ni za shingo yake, nyuma ya sikio, pale nywele zinapoanzia. Mojawapo sikuipiga mimi, na ndiyo iliyonikosesha usingizi kuliko hata kupe aliyemng'ata hapo.

Picha ya kwanza niliipiga kupe akiwa bado amenasa. Utamwona ni wa kijivu, amevimba kama punje ya mbarika, na ndiyo maana bibi yake, aliyekuwa akimchana mtoto nywele, alidhani ni chunjua hadi alipoona vijiguu vikichezacheza karibu na ngozi. Nilipofika niliwakuta wamekwisha kumpaka mafuta mazito ya mgando ili akose hewa, na wifi yangu alikuwa amemgusisha njiti ya kiberiti iliyotoka kuzimwa. Kupe hakuachia. Katika mafunzo ya huduma ya kwanza tuliyopewa kazini tulielezwa kwamba kupe anaweza kukaa muda mrefu bila kuvuta hewa, hivyo mafuta hayamharakishi, na kwamba moto unaweza kumfanya ateme mate na vilivyomo tumboni mwake ndani ya jeraha, wakati ni humo humo vijidudu vya maradhi hukaa. Sikuyatunga maneno hayo ili kumwaibisha mtu mbele ya mama mkwe.

Niliomba nafasi nikafanya kazi kwa utaratibu. Nilifuta mafuta ili kibano kisiteleze, nikachukua kile chembamba cha kung'olea nyusi, nikamshika kupe chini kabisa, pale mdomo unapoingia kwenye ngozi, wala si tumboni, kwa sababu ukimbana tumbo unamkamua ndani ya mtu. Kisha nilivuta kwenda juu, moja kwa moja, kwa nguvu isiyobadilika, bila kuzungusha na bila kushtua, huku ngozi ikiinuka kidogo pamoja naye. Ilihitaji subira, kwani mdomo wa kupe una vimiba vinavyotazama nyuma, na baadhi yao hutoa kitu kinachoganda kama gundi. Akatoka mwili mzima, miguu yote minane. Nikaosha mahali pale kwa sabuni na maji, nikapaka spiriti, nikanawa mikono, na kupe nikamtia katika kichupa chenye spiriti kilichoandikwa tarehe, iwapo daktari atataka kumwona.

Kilichobaki ni kidoa cheusi, kidogo kuliko kichwa cha pini. Na hapo ndipo wifi alipochukua simu yake, akawasha taa ya simu, akapiga picha kwa karibu sana na kuisambaza kwa ndugu wote, akiandika kwamba nimemwachia mtoto kichwa cha kupe shingoni na kwamba kitaota mwili upya. Hiyo ndiyo picha ya pili. Utaona wekundu unaotisha, umejaa picha nzima, kana kwamba shingo yote imeoza. Hakuweka kitu chochote kando ya jeraha ili mtu ajue ukubwa wake, na mwanga ule mkali umeifanya ngozi iliyosuguliwa kwa spiriti ionekane kama nyama mbichi. Shemeji zangu wananipigia simu kunipa pole kama aliyefiwa. Sitaki kuombwa radhi, naomba nieleweke. Ninachotaka ni picha ile ifutwe na wale walioipokea waambiwe ukweli.

Picha ya tatu ni yangu ya jana jioni, imepigwa kwa mwanga wa dirishani, ikiwa na rula pembeni. Wekundu hauzidi sentimita mbili, na mstari wa kalamu unaouzunguka niliuchora baada tu ya kumtoa kupe, wekundu haujauvuka. Upande wa chini, hata hivyo, kuna kialama kirefu chenye lengelenge dogo, ambacho kwa macho yangu ni cha njiti ya kiberiti wala si cha kupe. Katika picha ya wifi hutaweza kuvitenganisha viwili hivyo. Mimi mwenyewe sina hakika ningeweza, kama nisingejua kilichotangulia.

Nilimpeleka mtoto zahanati. Muuguzi alilitazama doa kwa kioo cha kukuzia, akajaribu kulishika kwa kibano, na lilipokataa kushikika akaliacha. Alisema hicho ni kipande cha mdomo tu. Tezi za mate zimeondoka na mwili, kwa hiyo hakuna kitakachoota, na ngozi yenyewe itakisukuma nje kama inavyosukuma mwiba. Akaniambia kwamba wekundu mdogo unaowasha katika siku mbili za mwanzo huwa ni ngozi kuyakataa mate ya kupe, na hufifia. Nirudi haraka nikiona usaha, joto na maumivu yanayoongezeka, au wekundu unaotanuka kupita sentimita tano, hata ukitokea baada ya wiki kadhaa. Nirudi pia mtoto akipata homa, kichwa kumuuma, tezi za shingoni kuvimba, au mahali pale pakifanya kigaga cheusi, kwa sababu kuna homa zinazoletwa na kupe ambazo mara nyingi hujitokeza wiki moja au mbili baadaye, na zina dawa zikiwahiwa. Nilimwelewa vizuri. Lakini mume wangu anasema muuguzi yule ni mdogo mno kwa umri, na wifi ameahidi kuja leo na sindano aliyoichemsha ili achokoe doa hilo mwenyewe.

Nimejiuliza kama nimkubalie tu ili kelele ziishe. Halafu namtazama mtoto, ambaye sasa akiguswa shingo analia, nami nakataa. Wao wananiita mbishi, lakini kupe nimemtoa mimi, mwili wake wote, na aliyeacha alama ya moto si mimi, ingawa hakuna picha ya hilo iliyosambazwa.

Naomba basi unijibu haya. Kwa unavyoona katika picha ya tatu, je, doa hilo liachwe, au nina wajibu wa kuruhusu lichokolewe? Mimi nahofia kwamba sindano itafungua jeraha na kuingiza uchafu ambao haukuwamo, lakini nahitaji kusikia hivyo kutoka kwa mtu asiye wa nyumba hii.

Na kuna jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu. Pale zahanati mama mkwe alikuwa amekaa kando yangu, na muuguzi alipouliza kama kupe alipakwa au kuchomwa na kitu chochote kabla ya kutolewa, mama alijibu kwa niaba yangu kwamba hapana, nami nikanyamaza kwa heshima. Je, nirudi peke yangu nikaeleze habari ya mafuta na ile njiti? Inabadilisha jinsi watakavyomfuatilia mtoto katika wiki hizi mbili, au nitakuwa nimemfedhehesha mzee bure? Na lile lengelenge nilifunike kwa kitambaa safi, au nililiache wazi ili niendelee kuutazama ule mstari wa kalamu?

Ukiichapisha barua hii, tafadhali usiichapishe picha ya pili.

Wako,
Mama wa binti huyo