Sikukuu ikiangukia Jumapili, mfanyakazi alipwe nini?

Mhariri,

Tarehe 26 Aprili 2026, Sikukuu ya Muungano, ni Jumapili. Mimi naandaa mishahara kwenye hoteli moja hapa Dar es Salaam, na kila inapotokea hivi swali huwa lile lile: jamani, Jumatatu tunapumzika? Jibu ni hapana. Kwetu Jumatatu inabaki siku ya kazi, na sikukuu imemezwa na siku ambayo wengi wangepumzika hata bila hiyo. Naomba nafasi nieleze kwa nini utaratibu huu ubadilishwe, na kwa nini maneno ya badiliko lenyewe yapimwe sana kabla ya kuandikwa.

Nianze na kalenda, maana wengi hawajaiangalia kwa jicho hili. Kati ya Mei Mosi na Krismasi kuna siku 238, yaani wiki 34 kamili. Kwa hiyo sikukuu hizi mbili huangukia siku moja ya wiki kila mwaka, bila kukosa, na Mwaka Mpya unaofuata huja wiki moja kamili baada ya Krismasi. Mei Mosi ikiwa Jumapili, basi zote tatu ni Jumapili. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2022 na kuingia 2023, na ndivyo itakavyokuwa tena mwaka 2033. Mfanyakazi wa Tanzania anayepumzika Jumapili hupoteza sikukuu tatu ndani ya miezi minane, na ya kwanza kati yake ni sikukuu yake mwenyewe.

Wenzetu wa Kenya hawakupoteza hata moja kati ya hizo. Sheria yao ya sikukuu inasema kwamba sikukuu ya kitaifa ikiangukia Jumapili, siku inayofuata ambayo yenyewe si sikukuu ndiyo itakuwa sikukuu. Tarehe 2 Mei 2022, Jumatatu, Wakenya walipumzika. Krismasi ya mwaka huo ndiyo ilionyesha uzito wa yale maneno "ambayo yenyewe si sikukuu". Krismasi ilikuwa Jumapili, na Jumatatu tarehe 26 ilikuwa tayari ni Boksingi Dei. Krismasi ikaruka mpaka Jumanne tarehe 27.

Afrika Kusini nao wana sheria ya mwaka 1994 inayofidia Jumapili, ila wao waliandika kwamba Jumatatu inayofuata ndiyo itakuwa sikukuu. Mwaka huo huo wa 2022 Jumatatu yao ilikuwa na sikukuu yake tayari, kwa hiyo sheria ikawa imempa mfanyakazi siku aliyokuwa nayo. Ilibidi Rais Ramaphosa aitangaze Jumanne tarehe 27 kuwa siku ya mapumziko. Waliipata, lakini kwa tangazo. Wajapani walianza kufidia Jumapili mwaka 1973, na baadaye wakaona pengo hilo hilo, kwa sababu wana sikukuu tatu mfululizo tarehe 3, 4 na 5 Mei. Walirekebisha sheria yao, na ndiyo maana mwaka huu wa 2026, tarehe 3 Mei ikiwa Jumapili, siku ya fidia inakwenda hadi Jumatano tarehe 6.

Wapo wasiofidia kabisa. Ujerumani ni nchi tajiri yenye vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, na bado sikukuu yao ikiangukia Jumapili inapotea kama yetu. Nalisema hili kwa sababu waajiri watalisema, na ni kweli.

Sasa niingie jikoni, mahali ambapo hesabu inakuwa ngumu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayefanya kazi siku ya sikukuu alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Anayefanya kazi siku yake ya mapumziko ya wiki naye analipwa mara mbili. Chukua mpishi anayelipwa 390,000 kwa mwezi kwa saa 45 za wiki. Kwa kanuni ya sheria hiyo unagawa kwa 4.333, kisha kwa 45, unapata kama shilingi 2,000 kwa saa. Akiingia zamu ya saa nane siku ya Muungano, saa zake zinahesabiwa kwa 4,000, jumla 32,000. Mhasibu mwenzake ambaye ofu yake ni Jumapili yuko nyumbani na hapati kitu, si siku wala shilingi. Huyo ndiye tunayetaka kumfidia.

Lakini tukinakili sheria ya Kenya neno kwa neno, tutamuumiza mpishi. Sheria ile haiishii kuongeza Jumatatu, inasema pia kwamba Jumapili yenyewe inakoma kuwa sikukuu. Hotelini ofu hupangwa kwa zamu, na wapishi wengi ofu yao ni Jumatatu, baada ya pilikapilika za mwisho wa wiki. Mpishi wa namna hiyo ataingia kazini Jumapili kwa malipo ya kawaida, kwa kuwa si sikukuu tena. Jumatatu ikifika na kuwa sikukuu, yeye alikuwa akipumzika hata hivyo. Zile saa za 4,000 zitarudi kuwa za 2,000, na hatapata siku yoyote badala yake. Walinzi, wauguzi, madereva wa mabasi na wahudumu wa vituo vya mafuta wako katika hali hiyo hiyo. Tutakuwa tumetoa kwa anayefanya zamu na kumpa wa ofisini. Sheria ya Afrika Kusini haiivui Jumapili hadhi yake, na hapo naona wametenda haki kuliko majirani zetu.

Waajiri watauliza gharama, na wana haki. Kwa mwaka 2026 ni siku moja tu kati ya sikukuu zetu za tarehe maalumu. Mwaka 2027 ni mbili, Nane Nane na Boksingi Dei. Jumamosi nisingeigusa, kwa sababu sehemu nyingi binafsi bado zinafanya kazi siku sita, na kwao sikukuu ya Jumamosi ni mapumziko halali.

Najua Rais anaweza kutangaza siku ya mapumziko, kama ilivyofanyika tarehe 23 Agosti 2022 kwa ajili ya Sensa. Ila tangazo likichelewa, sisi tunaopanga zamu tunakuwa tumeshabandika ratiba ubaoni, watu wameshakata tiketi za kwenda mikoani, na wageni wameshalipia vyumba. Kanuni iliyoandikwa inamwezesha kila mtu kufungua kalenda ya mwaka 2033 leo hii na kujua atapumzika lini.

Kwa hiyo naomba TUCTA na Chama cha Waajiri walipeleke suala hili kwenye Baraza la Kazi, Uchumi na Jamii, wakiwa na mambo matatu mkononi. Sikukuu ikiangukia Jumapili, siku ya kwanza inayofuata isiyo sikukuu iwe ya mapumziko. Jumapili ibaki sikukuu kwa malipo ya yeyote aliyeingia kazini siku hiyo. Na ambaye ofu yake imegongana na siku ya fidia apewe siku nyingine ndani ya mwezi huo, iandikwe kwenye ratiba ya zamu na ionekane kwenye slipu yake ya mshahara.

Mwandaaji wa mishahara,
Dar es Salaam