Klemu ya moto: omba hesabu kabla ya kutia sahihi

Mhariri,

Kila duka linapoungua hapa Nakuru, miezi michache baadaye husikika lalamiko lile lile: mwenye duka alidai kiasi fulani, kampuni ya bima ikalipa chini ya nusu, na hakuna aliyemweleza zilizokatwa zimekwenda wapi. Mara nyingine kweli ameonewa. Lakini mara nyingi pesa hizo zilipotea siku bima ilipoandikwa, moto haujawaka bado, na hilo ndilo wafanyabiashara wengi hawajaelezwa.

Tuchukue mfano wa duka la sare za shule na madaftari mjini hapa. Mwenyewe alikatia bidhaa zake bima ya moto ya shilingi 1,200,000. Mwishoni mwa Januari moto ukashika upande mmoja wa duka. Akahesabu vilivyoungua, akadai 750,000. Akilini mwake yuko salama, kwa sababu 750,000 ni chini ya 1,200,000. Alilipwa 297,000.

Kwanza, 750,000 ilikuwa bei ya kuuzia. Bima ya bidhaa za dukani kwa kawaida hufidia bei ya kununulia, kwa kuwa faida ambayo haijapatikana ina bima yake tofauti. Anaongeza asilimia 25 juu ya bei ya kununulia, kwa hiyo hasara yenyewe ni 600,000. Halafu kulikuwa na madaftari yaliyoshika moshi tu, yanayoweza kuuzwa kwa bei ya chini. Yalithaminiwa 50,000 na kuachiwa mwenye duka kama mabaki. Zikabaki 550,000. Mpaka hapo hakuna la ajabu.

Pigo lenyewe ni sharti la wastani, kipengele kilichomo karibu katika kila hati ya bima ya moto. Linasema kwamba ukikatia bima sehemu tu ya mali yako, basi wewe mwenyewe ndiye bima ya sehemu iliyobaki, na hasara yoyote, hata ndogo, mtaigawana kwa uwiano huo. Swali si kama hasara imezidi kiasi cha bima. Swali ni thamani ya bidhaa zote zilizokuwa dukani siku ya moto, zilizoungua na zilizosalimika pamoja.

Mthamini wa hasara, yule tunayemwita adjasta, hupata thamani hiyo kwenye vitabu. Huchukua bidhaa zilizohesabiwa mara ya mwisho, anajumlisha manunuzi, anaondoa mauzo yaliyorudishwa kwenye bei ya kununulia. Duka letu lilifunga Desemba 31 na bidhaa za 1,400,000. Januari, shule zikifunguliwa, likanunua za 1,500,000 na kuuza za 1,125,000, ambazo kwa bei ya kununulia ni 900,000. Kwa hiyo siku ya moto palikuwa na bidhaa za 2,000,000, na bima ni ya 1,200,000, yaani asilimia 60. Kampuni ikabeba asilimia 60 ya zile 550,000, ambazo ni 330,000. Shilingi 220,000 zikamwangukia mwenye duka. Mwishowe ikaondolewa ekses, ile sehemu ambayo mwenye bima hujibebea katika kila klemu. Kwenye hati yake ilikuwa asilimia 10, yaani 33,000. Ndipo zikabaki 297,000.

Angalia kwamba kama bima ingekuwa ya 2,000,000, hasara ile ile ingemletea 495,000. Na kiasi kile cha 1,200,000 huenda kilitosha kabisa mwezi wa Agosti. Kilichomponza ni Januari. Mwenye duka la aina hii afaa kukatia bima thamani ya mwezi wake mkubwa, au aombe ajenti amtafutie bima ambayo bidhaa huripotiwa kila mwezi na ada kurekebishwa mwishoni mwa mwaka. Ziko pia hati zinazosema sharti la wastani halitatumika mradi kiasi cha bima kimefika asilimia 85 ya thamani. Mstari huo mmoja ni wa kuulizia kabla ya kulipa ada, maana baada ya moto hauongezwi.

Sasa kuhusu kufuatilia. Ukipiga simu kuuliza "pesa zitatoka lini?" utajibiwa kwamba klemu inashughulikiwa, na jibu hilo halikusaidii kitu. Uliza imefika wapi, kwa maandishi, ukitaja namba ya klemu. Je, adjasta amewasilisha ripoti ya mwisho au ya awali tu? Ni tarehe gani? Kama bado, anangoja karatasi gani? Mara nyingi faili imekwama kwa kukosa abstrakti ya polisi, ripoti ya zimamoto wa kaunti, au risiti za manunuzi. Risiti zikiwa zimeungua, rudi kwa wauzaji wa jumla wakupe nakala, na utoe taarifa za M-Pesa na za benki. Ripoti ikishafika, uliza kama kampuni imekubali kuwajibika na kiasi gani kimeidhinishwa. Kama bidhaa ziliwekwa dhamana ya mkopo, uliza pia hundi itaandikwa kwa jina la nani, kwa sababu benki huenda ikalipwa kwanza.

Kisha huja ile karatasi ya kukubali malipo, diskaji. Hapa ndipo ninapowasihi wenzangu wasikimbie. Diskaji kwa kawaida husema umepokea kiasi hicho kuwa malipo kamili na ya mwisho, na ukishatia sahihi ni vigumu sana kulifungua tena jambo hilo. Kabla ya sahihi, omba karatasi ya hesabu inayoonyesha hatua zote: hasara iliyokubaliwa, mabaki, thamani ya bidhaa siku ya moto, uwiano wa wastani, ekses, na ada ya bima kama kuna deni lililokatwa. Bila karatasi hiyo huwezi kujua kama umepunjwa.

Ukiipata, anza na thamani ya bidhaa zote, kwa sababu kosa hapo huharibu kila kinachofuata. Adjasta akisahau kuondoa mauzo ya fedha taslimu ambayo hayakuingia kitabuni, duka litaonekana lilikuwa na bidhaa nyingi kuliko ukweli, uwiano utashuka, na malipo yatashuka nao. Katika mfano wetu, mauzo mengine ya 250,000 yenye ushahidi wa M-Pesa yangeshusha thamani hadi 1,800,000. Uwiano ungepanda hadi theluthi mbili, na malipo yangefika 330,000 baada ya ekses. Angalia pia kwamba ekses imekatwa mara moja tu, na kwamba mabaki yaliyothaminiwa kweli yako mikononi mwako.

Ukiona kosa, iandikie kampuni ukionyesha mstari wenyewe na ushahidi wake, na uiweke diskaji bila sahihi. Wasipokujibu au wakikataa bila sababu, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ukiambatisha nakala ya hati ya bima, barua mlizoandikiana na karatasi ya hesabu. Lalamiko lenye mstari uliokosewa hushughulikiwa. Lile la "wamenilipa kidogo" hurudishwa kwako na maswali.

Na baada ya kulipwa, jambo moja hupitwa na wengi: kiasi cha bima hupungua kwa kile ulicholipwa hadi mwaka wa bima uishe, isipokuwa ukilipa ada ya kukirejesha. Duka letu likijaza tena bidhaa za 2,000,000, sasa lina bima ya 903,000 tu.

Msomaji wako,
Nakuru