Jina la juu ya wasifu wako

Mpendwa Amina,

Ujumbe wako niliusoma usiku nikacheka peke yangu, hasa pale uliposema ukiitwa Mwanahamisi unageuka kumtafuta anayeitwa. Pole kwa kusubiri jibu. Swali lako kubwa ni hili, vyeti vinasema Mwanahamisi Juma Salim, watu wote wanakujua kwa Amina Juma, sasa uandike lipi? Mimi nimekaa dawati la ajira miaka sita, nikipokea maombi na kuhakiki vyeti, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Kwa kifupi, juu ya wasifu andika Amina, kwenye fomu andika Mwanahamisi. Ila usiishie hapo, maana hiyo ni nusu ya jibu tu, na wengi wanaokwama wamekwama kwa kuishia hapo.

Ngoja nikusimulie lililonipata mwenyewe. Kuna kijana aliomba kazi kwetu, fomu ameijaza vizuri kabisa, jina la cheti herufi kwa herufi. Nikampigia simu mdhamini wake, bosi aliyefanya naye kazi miaka minne. Nikataja jina. Kimya. Kisha yule mzee akasema, "Hapana mama, mtu huyo hajawahi kufanya kazi hapa." Nikashukuru, nikakata simu, nikaandika kwenye faili: mdhamini hamtambui. Kwa siku mbili nzima yule kijana alikuwa mwongo machoni pangu. Siku ya tatu mzee akapiga mwenyewe: "Samahani, au unamuulizia Beka?" Kumbe kazini kote aliitwa Beka, hata karatasi za zamu ziliandikwa Beka. Asingekumbuka yule mzee, faili lingefungwa, na kijana asingejua hata sababu.

Kosa lake halikuwa kuwa na majina mawili. Watu wenye majina mawili nawaona kila wiki. Kosa ni kwamba hakuna mahali popote alipoandika kwamba hao wawili ni mtu mmoja. Sisi tunaohakiki hatukujui, shoga yangu. Tuna karatasi mbili mezani na simu, basi.

Kwa hiyo mwanzo wa wasifu wako uwe hivi, mstari wa kwanza kwa herufi kubwa kidogo, wa pili kwa herufi za kawaida:

Amina Juma Salim
Jina kwenye vyeti: Mwanahamisi Juma Salim

Utaona nimekurudishia Salim. Najua umezoea Amina Juma, lakini maombi hupangwa kwa jina la mwisho. Ukiwa Juma kwenye wasifu na Salim kwenye fomu, faili zako zitakaa mbalimbali na mtu wa kuzikutanisha hayupo. Badilisha jina la kwanza tu, mengine yabaki kama yalivyo kwenye vyeti. Hapo hata anayesoma harakaharaka ataona Juma Salim mara mbili na kuelewa bila maelezo.

Wapo wanaopenda kuweka yote mstari mmoja, Mwanahamisi (Amina) Juma Salim. Kwenye karatasi haina ubaya. Tatizo ni mifumo ya maombi ya mtandaoni, ambayo mara nyingi husoma wasifu ukishaupakia na kujaza visanduku vya fomu yenyewe. Nimewahi kuona jina la kwenye mabano limerukia kisanduku cha jina la kati, mwombaji hakutazama, akatuma. Tayari "jina lake la kisheria" lina neno ambalo halimo kwenye cheti chochote. Hata ukitumia mistari yangu miwili, mfumo utachukua ule wa kwanza na kujaza Amina. Rudi juu ukasahihishe kwa mkono kabla ya kuendelea. Na usiandike "almaarufu", tafadhali. Neno hilo tumewaachia wasanii na washtakiwa.

Sasa fomu. Wasifu unaupanga mwenyewe, lakini fomu mwishoni ina tamko kwamba uliyojaza ni kweli, na unaweka sahihi au tiki. Ukiona `Legal name`, au maneno kama "jina kama lilivyo kwenye kitambulisho", andika Mwanahamisi Juma Salim bila kupunguza wala kuongeza. Kukiwa na `Preferred name` au `Known as`, hapo ndipo pa Amina. Jina moja tu linatosha, usirudie na majina ya ukoo isipokuwa wameyataka. Kisanduku kikiwa kimoja tu, "jina kamili", mimi naweka la kisheria, kisha kwenye nafasi ya maelezo ya ziada au kwenye barua ya maombi natia sentensi moja: "Kazini najulikana kwa jina la Amina; vyeti vyangu vina jina la Mwanahamisi Juma Salim." Huhitaji kueleza kwa nini. Habari ya bibi aliyekupa jina na mama aliyelikataa ni tamu, lakini haiwahusu.

Kuna swali moja ambalo watu huliruka: "Je, umewahi kujulikana kwa jina jingine?" Wanadhani linawahusu waliobadilisha jina baada ya ndoa tu. Wewe linakuhusu. Kazi zako mbili zilizopita zimekujua kwa Amina Juma, hivyo andika Amina Juma, vilevile kama kumbukumbu zao zilivyo. Ukijibu hapana, halafu barua ya mwajiri wa zamani ije na jina hilo, utaonekana umeficha, ingawa huna cha kuficha. Kwa anayehakiki, jina la pili lililotajwa mapema ni kitu cha kawaida. Likijitokeza lenyewe baadaye, lazima alifuatilie.

Kwenye elimu, kazi inakuwa nyepesi zaidi. Tunapohakiki cheti tunakipelekea chuo jina ulilosomea, tarehe ya kuzaliwa, mwaka wa kuhitimu na, ikiwepo, namba ya usajili. Chuo kinatafuta jina lililo kwenye daftari lake. Tukituma Amina Juma, jibu litakuwa "hakuna kumbukumbu", na jibu hilo halina tofauti na lile analopewa mwenye cheti cha kughushi. Namba ya usajili inaokoa sana hapa, kwa sababu haijali unaitwaje. Iweke kwenye fomu kila inapoulizwa. Na usihangaike kukiomba chuo kikuandikie cheti kipya chenye Amina. Vyuo vingi havibadilishi cheti kwa jina la kuitwa tu, vitataka hati ya kubadili jina kisheria, na vingine hata hiyo haitoshi kwa sababu cheti kinabaki na jina ulilokuwa nalo siku ya kuhitimu.

Kwa wadhamini, fanya mambo mawili. Kwenye wasifu, chini ya jina la kila mdhamini, andika "ananifahamu kwa jina la Amina Juma". Halafu wapigie, uwaambie atakayewapigia huenda akataja Mwanahamisi. Simu ya dakika mbili. Beka angeipiga, mimi nisingeandika nilichoandika.

Swali lako la pili, kama panelisti wataliona jina la vyeti, ndiyo, ukiliweka kwenye wasifu wataliona, maana wasifu ndio unaozungushwa mezani. Kwako si shida. Lakini yupo mtu ambaye jina la zamani linamuumiza au linamhatarisha, na huyo simshauri mistari miwili. Wasifu wake ubaki na jina analolitumia, lile la kisheria aliweke kwenye fomu peke yake, na amwandikie afisa utumishi kuomba lisisambazwe. Awaulize kabla ya kutuma nani anaiona sehemu hiyo ya fomu, kwani ofisi hazifanani.

Ukiitwa kwenye usaili, mwaliko utakuja na jina lolote kati ya hayo mawili, na orodha ya mlinzi getini itakuwa na hilohilo. Jibu mwaliko ukisema: "Nitafika na kitambulisho chenye jina la Mwanahamisi Juma Salim." Nimewahi kushuka ghorofa tatu kwenda kumtoa msailiwa getini, jasho linamtoka, mlinzi amekataa katakata na kwa kweli alikuwa sahihi.

Ukipata kazi, mkataba, kodi na mshahara vitafuata jina la kisheria, na akaunti ya benki unayowapa iwe na jina hilohilo, la sivyo malipo yanaweza kurudi. Hapo usibishane. Jina la kwenye beji na anwani ya baruapepe ndilo la kuombea Amina, lakini liombe kabla ya siku ya kwanza. Anwani mara nyingi hutengenezwa na mfumo kutokana na jina la kwenye mkataba, na ikishatengenezwa kuibadilisha ni safari ya tiketi tatu kwa watu wa tehama. Mimi mwenyewe nilichelewa, nikakaa miezi minne na anwani ambayo hata wenzangu hawakujua ni ya nani.

La mwisho ndilo lililonitia wasiwasi. Umesema kwa kupita tu kwamba cheti cha sekondari kimeandikwa "Mwanahamis", bila i, na cha chuo kina i. Hilo usilichanganye na habari ya Amina. Jina la kuitwa linamalizwa na mstari mmoja kwenye wasifu, lakini vyeti viwili visivyofanana herufi havitibiwi na kisanduku chochote cha fomu. Kwa kawaida inatakiwa hati ya kiapo mbele ya wakili, inayotamka kwamba Mwanahamis na Mwanahamisi ni mtu mmoja, na nakala yake unaiambatisha na vyeti. Ukienda, mwombe wakili aliingize na jina la Amina Juma kwenye hati hiyohiyo, ili usirudi mara ya pili.

Nipigie picha vyeti vyote viwili pamoja na kitambulisho, unitumie kabla hujabonyeza `Submit`. Nataka kulinganisha herufi moja moja kwa macho yangu.

Shoga yako,
Zuhura