Kwa Nini Roboti ya Duka Lako Inajibu kwa Utaratibu wa Zamani

Duka moja la jumla hapa Mwanza, linalouza taa za sola na zana za wavuvi wa dagaa, lilikuja kwetu na malalamiko ya wateja wa Sengerema na Geita. Kila walipouliza habari za mzigo, roboti ya majibu iliyopo kwenye WhatsApp ya duka iliwaambia wataongezewa gharama ya kivuko. Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, magari ya duka yanapita hapo, na hati ya utaratibu mpya wa usafirishaji ilikwisha kuingizwa kwenye roboti. Hati ilikuwamo, lakini roboti haikuifikia.

Roboti ya aina hii haisomi nyaraka zako zote kila inapoulizwa. Nyaraka hukatwa vipande vya aya chache, kila kipande hugeuzwa kuwa mfululizo wa namba unaowakilisha maana yake, kisha swali la mteja nalo hugeuzwa vivyo hivyo. Vipande vichache vilivyo karibu zaidi na swali, tuseme vitano, ndivyo hupelekwa kwa modeli ya lugha ili iandike jibu. Mteja akiuliza "mzigo wa Sengerema nalipia na kivuko?", hati ya zamani inayotaja kivuko karibu kila aya inakaa jirani kabisa na swali lake. Hati mpya inasema tu kwamba gari la duka linafikisha mzigo na gharama imo kwenye bei. Neno kivuko halimo. Kwa hiyo hati iliyokufa inashinda kwa sababu ndiyo inayozungumza kama mteja, na huo ukaribu wa maana hauna tarehe ndani yake.

Wengi hujaribu kuiandikia modeli agizo la "tumia hati mpya kuliko zote". Agizo hilo halifiki mbali, kwa sababu modeli inaona vile vipande vitano tu. Ikiwa vyote vimetoka kwenye hati ya zamani, hakuna kipya cha kuchagua. Uchujaji lazima ufanyike kabla ya utafutaji, na ili uchuje unahitaji lebo. Sisi huweka lebo kama hii juu ya kila hati:

```
{
  "mada": "usafirishaji",
  "eneo": ["Sengerema", "Geita"],
  "toleo": 2,
  "inaanza": "2025-07-01",
  "inaisha": null,
  "inafuta": "usafirishaji-1"
}
```

Siku toleo la 2 linapoingia, toleo la 1 linaandikiwa `inaisha` ya tarehe hiyohiyo ya 2025-07-01. Kisha utafutaji unapewa sharti:

```
WHERE inaanza <= :tarehe
  AND (inaisha IS NULL OR inaisha > :tarehe)
```

Lebo hiyo inakiliwa kwenye kila kipande, si kwenye ukurasa wa kwanza peke yake. Hati nyingi zina tarehe pale juu tu, karibu na muhuri. Zikishakatwa, kipande cha ukurasa wa tatu kinabaki bila umri. Mwaka tunauandika mbele kwa makusudi pia, maana 03/04/2025 mmoja atasoma ni Aprili na mwingine Machi, na kompyuta itachagua upande wake bila kukuuliza.

Tarehe ya faili, ile inayoonekana kwenye kompyuta, tunaiacha kabisa. Mtu akifungua orodha ya bei ya 2022, akarekebisha nafasi moja na kuihifadhi, faili inaonekana ya leo. Ukiipakua kutoka WhatsApp, mara nyingi unaona siku uliyoipakua. Tarehe tunayoitaka ni ile ambayo utaratibu ulianza kutumika, na hiyo inajulikana na mwenye duka. Hati isiyo na tarehe tunaiweka pembeni, haiingii kwenye utafutaji hadi mwenyewe aseme ni ya lini.

Hapa ndipo wateja wetu huuliza: si ingekuwa rahisi kufuta za zamani zote? Kwa usafirishaji ingewezekana. Kwa waranti ni hatari, na duka hilohilo linaonyesha kwa nini. Taa zao zilikuwa na waranti ya miezi 6. Kuanzia tarehe 1 Machi 2024 ikawa miezi 12. Tangazo la tarehe 1 Februari 2025 likasema betri zirudi kwenye miezi 6, vifaa vingine vibaki kwenye 12. Sasa mvuvi wa Igombe alinunua taa mwanzoni mwa Novemba 2024, na betri imekufa Agosti 2025. Ukisoma tangazo jipya peke yake, amechelewa. Lakini alinunua wakati miezi 12 ikitumika, hivyo alikuwa bado analindwa hadi Novemba 2025. Roboti inayojua la karibuni tu ingemnyima haki yake kwa sauti ya adabu na uhakika.

Kwa hiyo `:tarehe` kwenye lile sharti si lazima iwe ya leo. Kwa bei na usafirishaji ni ya leo. Kwa waranti ni siku ya kununua, na roboti inapaswa kuiuliza kwanza: "Taa ulinunua lini? Angalia risiti." Mteja asipoijua, swali linapelekwa kwa muuzaji badala ya kukisiwa.

Tangazo lile lina ugumu mwingine. Halikufuta hati nzima. Limegusa betri tu. Ukiliwekea lebo ya kufuta toleo lililotangulia, maelezo ya paneli na taa yanapotea pamoja nalo. Ukiliacha liishi pembeni ya hati mama, roboti itaona "miezi 12" hapa na "miezi 6" pale, zote zikiwa hai, na jibu litategemea kipande kipi kimetangulia. Tunamwomba mwenye duka aandike toleo la 3 lililo kamili, lenye mabadiliko ndani yake. Ni kazi ya nusu saa, nasi tunaipendelea kuliko ujanja wowote wa programu.

Zipo hitilafu ambazo tarehe haiwezi kuzitatua. Orodha mbili za bei, zote za mwezi huu, moja ya jumla na nyingine ya rejareja, hazipingani hata kidogo. Zinakosa lebo ya aina ya mnunuzi. Lakini zikiwa za mnunuzi mmoja, bidhaa moja na kipindi kimoja, uamuzi ni wa mwenye duka. Kila hati mpya inapoingia, mfumo unatafuta hati nyingine yenye mada na eneo hilohilo ambayo tarehe zake zinapishana nayo, na kumpelekea mwenyewe azione zote mbili. Kabla hajajibu, roboti haitaji bei hiyo. Inampa mteja namba ya duka.

Kila jibu pia linamalizika na chanzo chake, kwa mfano: "Utaratibu wa usafirishaji, toleo la 2, kuanzia 1 Julai 2025." Mteja akiona mwaka usioeleweka anauliza, na muuzaji anajua hati ipi aifungue. Kabla ya kukabidhi roboti tunaijaribu kwa maswali yenye maneno ya hati zilizokufa, kama lile la kivuko, na kwa maswali ya waranti yenye tarehe za siku moja kabla na siku yenyewe ya mabadiliko: 29 Februari na 1 Machi 2024. Makosa ya mipaka hujitokeza hapo.

Ukija ofisini kwetu, lete nyaraka zako zote pamoja na mtu anayekumbuka kila bei ilianza lini. Bei zilizotangazwa kwa sauti kwenye kundi la WhatsApp ziandikeni kwanza, kwa sababu hizo roboti haina pa kuziona.